Salio lipo 200,000 alafu mwalimu anasema klabu ina nakisi, hela imeenda wapi?

Shikamoo mjomba. Mimi ni binti wa miaka 26, ni mhazini wa klabu ya mpira hapa kijijini kwetu, tupo wanachama 40 na ada ni 12,000 kwa mwaka. Mwezi wa kwanza tulikua na mkutano wa mwaka nikasoma taarifa ya mapato na matumizi. Tulianza mwaka na 180,000, ada tukapokea 396,000, viingilio vya mechi 424,000, na mwenyekiti akatukopesha 300,000, jumla 1,300,000. Tukatumia magoli ya chuma 500,000, nauli za kosta 240,000, marefa 180,000, mipira 120,000, kushiriki ligi 60,000, jumla 1,100,000. Salio 200,000 na hela ipo, niliihesabu mbele yao. Watu wakapiga makofi wakasema tununue jezi. Ndo akasimama mwalimu mmoja anaefundisha hesabu za biashara sekondari, akaomba daftari, akaandika andika pale kama dakika ishirini akasema hiyo sio mapato na matumizi, na kwamba mwaka huu klabu imepata nakisi ya 54,000. Kuanzia hapo vijana wananiangalia vibaya, wengine wanasema nimekula 54,000. Mjomba sijala hata mia. Daftari na vishina vya risiti nimekupigia picha zote. Nifanyeje?

—

Marahaba mwanangu. Picha nimezipitia zote, usiku mzima karibu, na nianze na lile linalokuumiza: hakuna hela iliyoliwa, hesabu yako ni sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Na mwalimu nae yuko sahihi, nimepata 54,000 ile ile aliyopata yeye. Nyie wawili mmejibu maswali mawili tofauti alafu karatasi zenu mkazipa jina moja, ndo shida yote ilipoanzia.

Unajua huku kwetu kila karatasi yenye hela inaitwa mapato na matumizi. Mkutano wa kijiji inasomwa mapato na matumizi, kwenye harusi kamati inasoma mapato na matumizi, msibani pia. Lakini tisa kati ya kumi ya hizo karatasi ukiziangalia vizuri ni hesabu ya mapokezi na malipo, yani hela ngapi imeingia mkononi na ngapi imetoka mkononi, basi. Na wewe ulichosoma ni hicho hicho. Utaitambua hapo hapo bila kusomea: imeanza na salio la mwaka jana na imeisha na hela unayoweza kuiweka mezani ukaihesabu. Hesabu ya mapato na matumizi yenyewe haianzi na salio lolote, na mwisho wake sio hela, mwisho wake ni ziada au nakisi, na nakisi huwezi kuihesabu mezani wala kuitafuta kwenye mfuko wa mhazini. Waambie hivyo hao vijana, 54,000 haikuwahi kuwa noti.

Sasa tuitengeneze hiyo ya mwalimu pamoja, kwa daftari lako, ili siku ukiisoma uisome kama kitu chako.

Swali la hesabu ya kwanza ni hela imepita lini. Swali la hii ya pili ni jambo lenyewe ni la mwaka gani. Kwahiyo kila mstari wako tunauuliza: wewe ni wa mwaka huu wote, au kuna kipande cha mwaka jana au cha mwakani? Na tunauliza kingine ambacho daftari la fedha haliwezi kukuambia, kuna jambo la mwaka huu ambalo hela yake haijapita bado?

Tuanze na ada maana hapa ndo penye kazi. Umeandika 396,000. Nimefungua vishina vyako vya risiti kimoja kimoja, nashukuru umeandika kwa mkono mzuri, wapo wawili waliolipa mwezi wa pili ukawaandikia pembeni "deni la mwaka jana", hiyo ni 24,000. Wapo watatu waliolipa Desemba, ukawaandikia "ya mwakani", hiyo 36,000. Wanaobaki ni 28, mara 12,000 ni 336,000. Jumlisha zote tatu unarudi kwenye 396,000 yako, haijapotea hata mia. Ila ya mwaka huu ni hiyo 336,000 tu. Ile 24,000 ni ya mwaka jana imechelewa njiani, na ile 36,000 hamjaifanyia kazi bado, ni kama mnadaiwa na hao watatu mwaka mzima wa uanachama.

Sasa mpo 40. Mwaka huu kila mtu alitakiwa alipe 12,000, kwahiyo pato la ada la mwaka ni 480,000. Waliolipa 28, bado 12, ni 144,000 wanadaiwa. Hapa kwenye mapato na matumizi tunaandika 480,000 nzima, sio 396,000. Najua utashtuka kwamba tunaandika hela ambayo haipo, lakini hatusemi ipo, tunasema klabu imewahudumia wale 40 mwaka mzima na inastahili kulipwa.

Lakini kuwa mkweli. Kwenye ile karatasi ya majina umeweka alama wanne ambao wamehamia mjini toka mwezi wa tano na simu hawapokei. Hao utawadai mpaka lini? 48,000 yao tuiandike upande wa matumizi kama ada isiyolipika, ndo alivyofanya mwalimu pia. Wale nane waliobaki, 96,000, wapo kijijini tunawaona kila siku uwanjani, hao tunaendelea kuwadai.

Nitakuambia kitu kimoja hapa ukishike, vile vimaneno vya "ya mwakani" na "deni la mwaka jana" ulivyoandika pembeni ya kishina ndo vimeokoa hii kazi yote. Wahazini wengi wanaandika "ada 12,000" inaishia hapo, mwisho wa mwaka hakuna binadamu anaeweza kujua ni ada ya lini, na mapato na matumizi haitengenezeki tena, unabaki kubahatisha. Mwaka mmoja kwenye muungano wa vikundi niliokua nausaidia tulishindwa kabisa kwasababu hiyo tu, tukakaa na vishina mia na kitu havisemi chochote.

Viingilio 424,000 ni vya mechi za mwaka huu zote, havina tatizo, vinaingia kama vilivyo.

Mkopo wa mwenyekiti 300,000 unaufuta kabisa kwenye mapato. Hela imeingia ndio, kwenye mapokezi ni lazima ionekane, ila sio pato maana inarudi kwa mwenyewe. Na hapa nadhani ndo makofi yalipotokea. Bila hiyo 300,000 ungesimama mbele ya mkutano na salio la kuzama chini, 200,000 toa 300,000 ni pungufu ya laki moja, yani msingeweza hata kumaliza kulipa. Watu waliona 180,000 imekua 200,000 wakaona klabu imekua, kumbe imekopa. Na salio la kuanzia 180,000 nalo haliingii kwenye mapato, hilo lilishapatikana miaka ya nyuma, nimeona vikundi vingi tu vinalijumlisha kila mwaka na kusema mapato yameongezeka.

Tuje matumizi. Marefa 180,000, mipira 120,000, ligi 60,000, hivyo vinapita moja kwa moja. Mipira kuna mtu atakuambia ni mali, lakini mpira kwenye uwanja wenu ule wa changarawe niliouona kwenye picha haumalizi mwaka, andika yote.

Nauli ndo imejificha. Uliandika 240,000, sawa, lakini 40,000 ya kwanza mwezi wa kwanza ulimlipa dereva deni la safari ya Desemba ya mwaka jana. Kwahiyo ya mwaka huu iliyolipwa ni 200,000. Alafu nyuma ya daftari, ukurasa wa mwisho kabisa, kwa kalamu nyekundu umeandika "kosta safari 2 Nov na Des, 125,000 kila moja, bado". Mwanangu hiyo ni 250,000! Imekaa nyuma ya daftari kwasababu haijatoka mkononi, na kwenye mapokezi na malipo haina pa kukaa kweli, lakini vijana walishapanda wakaenda wakacheza wakarudi. Ni nauli ya mwaka huu. 200,000 na 250,000, nauli ya mwaka ni 450,000, karibu mara mbili ya uliyosoma mkutanoni. Sikulaumu maana aina ya hesabu uliyoisoma hairuhusu kuionyesha, ila ungesema kwa mdomo tu kwamba tunadaiwa kosta laki mbili na nusu, hakuna mtu angetaja jezi siku ile.

Magoli. 500,000 imetoka mara moja lakini magoli hayajaisha mwaka huu, yatasimama pale. Mlimuuliza fundi akasema kwa chuma ile na mkiyapaka rangi ni miaka mitano, kwahiyo mwaka huu mmetumia moja ya tano, 100,000, huo ndo uchakavu, na 400,000 inabaki kama mali ya klabu. Yale ya zamani yalikua ya miti na yameoza hatuyapi thamani.

Ukiviweka pamoja inakua hivi:

Mapato
Ada ya wanachama 40: 480,000
Viingilio: 424,000
Jumla: 904,000

Matumizi
Nauli: 450,000
Marefa: 180,000
Mipira: 120,000
Uchakavu wa magoli: 100,000
Kushiriki ligi: 60,000
Ada isiyolipika: 48,000
Jumla: 958,000

Nakisi: 54,000

Hiyo hapo. Maana yake ni kwamba maisha ya klabu ya mwaka huu yamegharimu 54,000 zaidi ya klabu ilichojipatia. Sio wizi, nauli ndo imewazidi.

Na kwasababu kuna watu wamekuchafua jina, nenda na uthibitisho, usiende na maneno. Fanya hivi, chora karatasi ya mali na madeni mara mbili, ya tarehe 1 Januari na ya 31 Desemba. Mwanzoni mlikua na hela 180,000 na mnadai ada 24,000, hiyo ni 204,000, mnadaiwa na kosta 40,000, klabu halisi ni 164,000. Mwisho wa mwaka mna hela 200,000, mnadai ada 96,000, mna magoli ya 400,000, jumla 696,000. Mnadaiwa na mwenyekiti 300,000, kosta 250,000, na wale watatu waliotanguliza ada 36,000, jumla 586,000. Toa, inabaki 110,000. Sasa 164,000 toa 110,000 ni ngapi? 54,000. Ile ile. Njia mbili ambazo hazijakutana zimefika sehemu moja, na kama ungekua umechukua hata elfu tano hela uliyoihesabu mezani ingepungua na wangeiona siku ile ile. Mwombe mwalimu mwenyewe asimame aisome hiyo sehemu, ikisomwa na yeye itaingia zaidi.

Kuna jambo moja mwalimu hakulisema, au labda dakika ishirini hazikutosha. Hesabu yako wewe haina maoni ndani yake, hela imetoka au haijatoka. Hesabu yake ina maoni mawili ndani: miaka mitano ya magoli, na wale wanne waliohamia. Tuseme kamati ingesema magoli yatadumu miaka kumi, uchakavu unakua 50,000, nakisi inashuka mpaka 4,000. Na wakisema hao wanne nao watalipa tu, ile 48,000 inafutika na nakisi inageuka kuwa ziada ya 44,000. Daftari lile lile, hela ile ile, karatasi moja inasema tumepungukiwa nyingine inasema tumezidisha. Kwahiyo hayo mawili asiyaamue mhazini peke yake wala mwalimu peke yake. Kamati ikae, iandike kwenye muhtasari "tumekubaliana magoli miaka 5, wanachama wanne wafuatao wameondolewa", wasaini, na mwakani mfuate hivyo hivyo, msije mkabadilisha miaka kwasababu uchaguzi umekaribia na mwenyekiti anataka ziada. Mimi ningebaki na mitano. Chuma kwenye mvua ya huko kwenu bila rangi haifiki kumi.

Kuhusu jezi. Hapana, sio kwa hiyo 200,000. Dereva wa kosta anadai 250,000 na ameshapeleka timu mara mbili kwa kuaminiana, mkinunua jezi na yeye asipolipwa mechi ya ugenini ya kwanza mnatembea kwa miguu na jezi mpya. Mpe 150,000 sasa hivi umwambie nyingine lini, na hiyo lini itoke kwa wale nane wanaodaiwa 96,000, wafuate mmoja mmoja, wakilipa wote inapungua 4,000 tu, itoe kwenye ile 50,000 iliyobaki na deni linaisha hata mwenyekiti hajaguswa. Na kumbuka 36,000 ya wale watatu, ndani ya salio lako ile ni hela ya mwaka huu mpya, mwezi wa sita usishangae mbona ada inaingia ndogo. Mwenyekiti mwombe aandikishane na klabu atalipwa lini na kidogo kidogo, maana sijaona karatasi yoyote ya huo mkopo kwenye picha zako na hiyo imenitia wasiwasi, kesho akisema alitoa 400,000 utamjibu na nini?

Usiache ile hesabu yako ya mapokezi na malipo, hiyo endelea nayo kila mwezi, ndo inayokulinda wewe, ndo inayolinganishwa na kiboksi na salio la kwenye simu, na kwa klabu ya hela ndogo hamna haja ya kutengeneza ile nyingine kila mwezi, mtaumwa kichwa bure. Ila mara moja kwa mwaka, kabla hamjapanga ada ya mwakani, tengenezeni ya mapato na matumizi, maana swali la "12,000 inatosha?" hesabu ya fedha mkononi hailijibu. Hii ya sasa imelijibu: pungufu 54,000 gawa kwa 36 waliobaki ni 1,500 kila mtu. Ada ikiwa 13,500 na nauli isipopanda mnatoka sawa sawa. Au mpunguze safari moja ya kosta ya 125,000 ada ibaki ilivyo, hilo ni la mkutano kuamua.

Ukiiandika, angalizo la mwisho, usinakili pande kama zilivyo. Kwa wanaozichora kwa pande mbili, kwenye mapokezi na malipo hela inayoingia inakaa kushoto na inayotoka kulia. Kwenye mapato na matumizi inageuka, matumizi kushoto mapato kulia. Wengi wanageuzwa hapo wanaandika nakisi kama ziada. Kama inakuchanganya andika juu na chini kama nilivyokuandikia hapo, hakuna atakaekukataza.

Na ile karatasi uliyoisoma mkutanoni usiichane. Kata neno "mapato na matumizi" pale juu kwa mstari mmoja lionekane, andika "mapokezi na malipo", weka tarehe na saini, alafu ambatanisha hii mpya nyuma yake pamoja na orodha ya madeni, kosta ikiwa ya kwanza.